Paa limeanguka au paa ameanguka? Pazia linalotenganisha transfoma za aina tatu

*“Naambiwa BERT, GPT na T5 zote ni transfoma. Sasa mbona moja inatumika kutafuta na kupanga, nyingine kuandika, na nyingine kutafsiri?”*

Kwa sababu transfoma hizi, yaani modeli za kompyuta zinazosoma au kuandika maandishi, hazina ruhusa sawa ya kutazama maneno. Chukua sentensi fupi: *Paa limeanguka usiku.* Ukiishia kwenye *paa* bado hujui kama ni paa la nyumba au yule mnyama mdogo wa porini wa jamii ya swala. Ile *li-* ya *limeanguka* ndiyo inayokuambia kwamba kilichoanguka ni mabati na mbao. Ingekuwa *ameanguka*, ungemwona mnyama. Maana ya neno la kwanza imefichwa ndani ya neno la pili. Transfoma inayoruhusiwa kutazama mbele itaielewa *paa* palepale ilipo. Isiyoruhusiwa itaiacha *paa* na maana zake mbili.

Kutazama huku kunaitwa atensheni, na ni hesabu tu. Kila neno (kwa kweli kila tokeni, maana maneno marefu hukatwa vipande, ila hapa nitahesabu neno zima kuwa tokeni moja) hutoa vekta tatu, yaani orodha tatu za namba: swali, ufunguo na thamani. Swali la *paa* huzidishwa na ufunguo wa kila neno katika sentensi, na kila zidisho hutoa alama moja. Kisha alama hizo hupitishwa kwenye softmax ili ziwe mafungu yanayojumlika kuwa 1. Neno lililopata fungu kubwa huchangia thamani yake kwa wingi katika vekta mpya ya *paa*. Kazi hiyo hurudiwa tabaka baada ya tabaka.

Enkoda, yaani transfoma ya kusoma, haina pazia lolote: kila neno huona kila neno, la kushoto na la kulia. BERT, iliyotolewa na watafiti wa Google Oktoba 2018, ni enkoda tupu. Ilifundishwa kwa kuficha baadhi ya tokeni na kuitaka ikisie kilichofichwa. Ukiiga zoezi hilo kwa Kiswahili, utaandika hivi:

```
[MASK] limeanguka usiku.
```

Kushoto mwa pengo hakuna kitu, lakini *limeanguka* linatosha kupunguza majibu: paa, jengo, jiwe, jani. Mtoto, kisu na nyumba haziingii hapo. Baada ya mazoezi mengi ya aina hii unapata modeli ambayo vekta ya kila neno imebeba sentensi nzima. Ndiyo maana enkoda hupewa kazi ambazo maandishi yote yako tayari mezani: kuamua kama maoni ya mteja ni ya kusifu au kulalamika, kutafuta hati inayofanana na swali, au kutambua majina ya watu na mahali ndani ya habari. Kiswahili kina data ya kazi hiyo ya mwisho, MasakhaNER ya mwaka 2021, iliyotengenezwa na jumuiya ya Masakhane kwa lugha kumi za Afrika. Neno *Zanzibar* au *Juma* katika sentensi ya gazeti hutambulika vizuri zaidi ukiruhusiwa kuona yaliyo pande zake zote mbili.

Lakini usiiombe enkoda ikuandikie barua. Imezoea kuziba pengo ambalo upande wake wa kulia tayari una maneno, na mwandishi hana cha kuona upande huo.

Hapo ndipo dikoda, transfoma ya kuandika, inapoingia na pazia lake. GPT ya kwanza, ya OpenAI, ilitoka Juni 2018, miezi michache kabla ya BERT, nayo ni dikoda tupu. Zoezi lake ni moja tu: soma yaliyotangulia, kisia neno linalofuata. Mtu angedhani kufundisha hivyo ni kupitia sentensi neno moja moja, hatua kwa hatua. Sivyo, na uzuri wa jambo lote uko hapa. Sentensi nzima huingizwa kwa mkupuo, na kila nafasi hukisia neno linaloifuata kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba *paa* ikiachwa itazame kulia, itaona *limeanguka*, yaani jibu lenyewe inalotakiwa kulikisia. Kwa hiyo kila nafasi huwekewa pazia: unajiona mwenyewe na waliokutangulia, basi. Wanaotumia PyTorch, maktaba ya Python ya kujengea modeli, hulikuta kama chaguo la `is_causal=True`.

Pazia lenyewe ni jambo dogo mno. Kabla ya softmax, kila alama ya neno la mbele hubadilishwa kuwa hasi isiyo na mwisho, na softmax huifanya sifuri. Haya ni maneno yetu matatu, na alama nilizozipanga kwa mkono:

```python
import torch
alama = torch.tensor([[2., 1., 0.],
                      [1., 2., 1.],
                      [0., 1., 2.]])
pazia = torch.triu(torch.ones(3, 3), diagonal=1).bool()
alama = alama.masked_fill(pazia, float("-inf"))
print(torch.softmax(alama, dim=-1))
```

Majibu yake:

```
tensor([[1.0000, 0.0000, 0.0000],
        [0.2689, 0.7311, 0.0000],
        [0.0900, 0.2447, 0.6652]])
```

Safu ya kwanza ni ya *paa*. Bila pazia ingegawa mafungu yake 0.6652, 0.2447 na 0.0900, maana yake karibu robo ya vekta yake mpya ingetoka kwa *limeanguka*. Pazia likiwepo, fungu lote la 1 limebaki kwake mwenyewe. *Usiku*, lililo mwisho, halijapoteza kitu, kwa kuwa wote wako nyuma yake.

Mstari wa `pazia` ndio wa kuangaliwa kwa jicho kali, maana hukosewa kwa njia mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Ukiandika `diagonal=0`, neno linazibwa hata lisijione. Safu ya kwanza inabaki na hasi zisizo na mwisho tupu, softmax inatoa `nan`, na kosa linajitangaza lenyewe. La hatari ni lile linalokaa kimya: kusahau pazia kabisa. Mafunzo yataendelea vizuri kupita kiasi, kiwango cha kukosea katika kukisia kitashuka karibu na sifuri ndani ya muda mfupi, na utafurahi. Siku ya kuiambia iandike, itamwaga maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kwa sababu muda wote ilikuwa inanakili jibu kutoka kulia, na sasa kulia hakuna kitu. Kuna kipimo rahisi cha kulikamata. Ingiza sentensi, hifadhi matokeo ya neno la kwanza, kisha badilisha neno la mwisho na uingize tena. Matokeo ya neno la kwanza yakibadilika kwa zaidi ya vumbi la desimali, pazia linavuja.

Kipimo hicho kinaonyesha pia faida ya pili ya pazia. Kama neno la mwisho haliwezi kugusa yaliyotangulia, basi funguo na thamani za maneno ya zamani zikishakokotolewa hazibadiliki tena. Dikoda inapoandika neno la 500 haihitaji kuanza upya na yale 499. Inazichukua zilipohifadhiwa na kukokotoa za neno jipya tu. Mashine ya kuona pande zote isingeweza kufanya hivyo, kwani kila neno jipya lingebadilisha maana ya yote yaliyopita. Ongeza kwamba BERT ilikuwa ikijifunza kutoka kwenye asilimia 15 tu ya tokeni katika kila sentensi, ilhali dikoda hupata somo katika kila nafasi. Kwa maoni yangu mambo haya mawili yanaeleza kwa sehemu kubwa kwa nini modeli nyingi za mazungumzo za leo ni dikoda tupu: swali lako ni mwanzo wa maandishi, na jibu ni mwendelezo wake.

Na ile *paa*? Ndani ya dikoda vekta yake itabaki na utata hadi mwisho, hairudi nyuma kuirekebisha. Hilo halimaanishi kwamba modeli haikuelewa sentensi. Uelewa umehamia mbele, kwenye *limeanguka* na *usiku*, na ndiyo sababu anayetaka vekta moja ya sentensi nzima kutoka kwenye dikoda huchukua ile ya tokeni ya mwisho. Kuna hata ujanja wa kuiandika sentensi mara mbili: *paa* ya pili inakuwa na *limeanguka* ya kwanza nyuma yake, na utata unaisha.

Aina ya tatu, ya enkoda na dikoda pamoja, ndiyo iliyotangulia kuzaliwa. Transfoma ya 2017 kutoka Google ilijaribiwa kwa kutafsiri Kiingereza kwenda Kijerumani na Kifaransa, ikiwa na tabaka 6 za enkoda na 6 za dikoda. Hebu tuipe sentensi ya Kiingereza, ya paa la nyumba lililomwangukia mnyama wetu. Kiswahili chake: *Paa lilimwangukia paa.* Dikoda, ikiwa imeandika *paa* la kwanza na sasa inaandika kitenzi, inatakiwa kuweka *-mw-* ndani yake, yaani itaje mtendewa mwenye uhai kabla haijamwandika. Ikitazama nyuma katika Kiswahili chake haimwoni popote. Lakini kila tabaka la dikoda lina atensheni ya pili inayotazama upande wa enkoda, na huko hakuna pazia, kwa sababu sentensi ya Kiingereza imeshasomwa yote. Mnyama anaonekana pale, mwishoni mwa sentensi, na *-mw-* inaandikwa bila kubahatisha. Pazia limebaki kwenye maandishi ya Kiswahili peke yake.

Ndiyo maana umbo hili linakaa vizuri popote ambapo kitu kimoja kamili kinageuzwa kuwa kingine. T5 hugeuza maandishi kuwa maandishi, kama vile habari ndefu kuwa muhtasari. NLLB-200 ya Meta, ya 2022, inatafsiri kati ya lugha 200, na Kiswahili kimo kwa msimbo `swh_Latn`. Whisper ya OpenAI, ya mwaka huohuo, ina enkoda inayosikiliza sauti kwa vipande vya sekunde 30, na dikoda inayoandika kilichosemwa.

Ukitumia Whisper kwa mahojiano utakutana na udhaifu wa ndoa hii. Mahali penye kimya, enkoda haina cha kueleza, lakini dikoda bado ni mwandishi aliyezoea kuendeleza sentensi, hivyo wakati mwingine huandika maneno ambayo hayakusemwa na mtu yeyote. Linganisha muda ulioandikwa kando ya kila mstari na sauti yenyewe, hasa sentensi moja ikijirudia mara tatu au nne mfululizo. Dawa ni kukata vipande vya kimya kabla ya kuipa sauti.