Usianze na ile buluu

Rafiki yangu alinionyesha picha ya ndege aliyetua kwenye tawi kavu, jua la jioni likiwa nyuma yake. Alishaamua ni chole, wala si mdiria au kerem, ndege ambao huchanganywa naye, kwa sababu mbili: alikuwa na buluu, na hapakuwa na maji karibu ambamo mdiria angevua samaki. Sababu zote mbili hupotosha. Wadiria wengi hawavui samaki kabisa. Wanaishi porini na kula panzi na mijusi. Na buluu ya ndege hawa haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya, bali na jinsi unyoya unavyotawanya mwanga, kwa hiyo jua likiwa nyuma unaona weusi mtupu.

Mimi huanza na mdomo, kwa maana umbo lake linabaki hata ndege akiwa kivuli. Mdomo wa mdiria umenyooka kama jambia, mnene shinani, na mara nyingi unakaribia urefu wa kichwa au kuuzidi. Wa kerem ni mwembamba na umepinda kuelekea chini. Wa chole ni mfupi zaidi, imara, na ncha yake ina kijindoano kidogo, ukikumbusha wa kunguru. Katika picha ile mdomo ulikuwa mrefu na ulionyooka kabisa. Tulipoikuza tukaona taya la juu jekundu na la chini jeusi, kisha bega jeusi juu ya bawa la buluu. Huyo ni mdiria wa misitu mikavu. Chole mwenye kifua cha urujuani ana mgongo wa kahawia, na hana bega jeusi namna hiyo.

Kwa kerem, tafuta mstari mweusi unaopita kwenye jicho na koo la rangi nyingine. Kerem mdogo ana koo la njano lenye ukanda mweusi chini yake. Lakini usiutegemee mstari wa jicho peke yake, mdiria yule naye anao. Mikia mirefu nayo siiamini sana: chole anapobadili manyoya, zile nyuzi mbili ndefu za pembeni mwa mkia wake hazipo.

Halafu mtazame kwa dakika chache. Chole hukaa kileleni, peupe, kisha hushuka chini kukamata mdudu ardhini. Kerem huruka, humdaka nyuki hewani, hurudi mara nyingi kwenye tawi lilelile na kumsugua hapo ili mwiba utoke. Mdiria wa porini hupenda tawi la katikati, penye kivuli, akiinamia ardhi.

Anayevuruga haya yote ni chole mwenye mdomo mpana. Huyo huwinda hewani kama kerem, akianzia juu ya miti mirefu. Mdomo wake lakini ni wa njano, mfupi na mpana, na mwili wake una rangi ya mdalasini.