Saa nane usiku ni ya siku gani? Tarehe katika maelezo ya ombi la hifadhi

Nikipewa maelezo ya ombi la hifadhi yaliyoandikwa na mtu wa Kanda ya Ziwa, kwanza naangalia saa. Kabla ya sababu za kukimbia, kabla ya majina ya waliomshambulia, naangalia saa ngapi na usiku wa siku gani.

Chukua mfano wa mama mwenye mtoto mwenye ualbino, anayetoka kijiji cha Geita na kuomba hifadhi Marekani kwa fomu I-589. Anasimulia: "Jumanne usiku, saa nane, watu walivunja mlango." Mtafsiri asiyefikiri anaandika Jumanne, tarehe 6 Julai 2021, saa 20:00. Mama alikuwa anazungumzia saa 02:00, na kwa kalenda hiyo tayari ni Jumatano tarehe 7. Kosa moja limezaa mengine mawili: siku imerudi nyuma, na watu waliokuwa usingizini sasa wanaonekana wamevamiwa wakati wa chakula cha jioni. Sisi wenyewe pia hatukubaliani, maana wapo wanaohesabu siku tangu jua linapozama, na kwao usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne.

Dawa yake tunayo kwenye lugha: andika "usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 7 Julai 2021, saa nane usiku", kisha weka pembeni 02:00 ili mtafsiri asibahatishe. Siku ya mahojiano mkalimani asikie maneno hayo hayo.

Mtego wa pili uko kwenye namba. Tuseme mama alipewa PF3 polisi kesho yake, na karani akaandika 8/7/2021. Kwetu hiyo ni tarehe 8 Julai. Marekani mwezi hutangulia, kwa hiyo msomaji wa kule anaona tarehe 7 Agosti, yaani mwezi mzima baada ya shambulio. Ndani ya maelezo na tafsiri za nyaraka, taja mwezi kwa jina kila mara. Kwenye visanduku vya fomu peke yake ndipo ufuate mpangilio wao. Sheria ya Marekani ya mwaka 2005 iitwayo REAL ID inaruhusu tofauti kama hii ipimwe katika kuamua kama mwombaji anaaminika, hata isipogusa kiini cha ombi lake.

Ndiyo maana sianzi na masimulizi. Naanza na karatasi ya safu tatu: tukio, tarehe, na "najuaje". Kwanza yanaingia yenye ushahidi: PF3, namba ya RB, kadi ya kliniki, muhuri wa pasipoti. Kisha yanafuata yanayojulikana kwa kuegemea hayo, kama "siku moja kabla ya PF3" au "baada ya Sabasaba, kabla shule hazijafunguliwa". Kisichokuwa na pa kuegemea kiandikwe kwa upana wake halisi: "kati ya Machi na Mei 2021". Usikikaze kuwa tarehe 15 Aprili ili kipendeze. Afisa huuliza bila kufuata mpangilio wako, na tarehe ya kubuni haina kumbukumbu nyuma yake ya kukusaidia kuirudia.

Mkoa nao uelezwe kwa sentensi moja. Geita ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha zamani kinataja Mwanza na barua ya mtendaji ya juzi inataja Geita, kwa kijiji kile kile.

Jamaa ndio huwasumbua wengi kuliko wanavyotarajia. Maelezo yanasema "kaka yangu alitupeleka Mwanza mjini", wakati fomu, inayodai orodha ya wazazi na ndugu wa mwombaji, haina kaka huyo. Hakuna uongo hapo: ni mtoto wa baba mkubwa. Lakini tafsiri imemfanya kuwa mtoto wa mama yake mzazi. Pale anapotajwa mara ya kwanza, andika "kaka yangu, mtoto wa kaka mkubwa wa baba yangu", na umfafanulie hivyo hivyo baba mdogo au mama mkubwa.

Tafsiri ikishakamilika, mtu mwingine aichukue na kumsomea mwombaji kwa Kiswahili kutoka kwenye Kiingereza, aya moja moja, huku mwombaji akiwa na karatasi yake ya safu tatu mkononi. Hapo ndipo saa 20:00 inapojitokeza.

Kosa likionekana baada ya fomu kutumwa, lisisubiri kuulizwa. Kwenye mahojiano ya ofisi ya hifadhi, afisa huipitia fomu na mwombaji. Wakati huo mama aseme mwenyewe: "Aya ya 4 imeandikwa Jumanne saa 20:00, ni Jumatano saa 02:00, mtafsiri alichukua saa ya Kiswahili kama ilivyo." Afisa huandika sahihisho hilo kwenye fomu, na mwombaji huweka saini akithibitisha fomu pamoja na masahihisho yake.