Kope Zinavimba, Kichwa Kizima: Kumsaka Mkosaji Ndani ya Shampuu

Mgonjwa anayefika kliniki ya ngozi kwa sababu ya shampuu mara nyingi hajui kuwa ni shampuu iliyomleta. Analalamikia kope zinazowasha na kuvimba, ngozi inayobanduka nyuma ya masikio, au mabaka meusi yanayoshuka pande zote mbili za shingo. Kichwani hana kitu, labda mba kidogo. Sababu ni kwamba ngozi ya kichwa ni nene na huvumilia mengi, lakini povu likisuuzwa hutiririka kupita kwenye kope, masikio na shingo, ambako ngozi ni nyembamba. Ugonjwa ukifuata njia ya maji namna hiyo, sisi huanza kuuliza kinachopakwa kwenye nywele.

Muda nao hupoteza watu. Shampuu kali ikiingia jichoni au kukausha ngozi, utachomwa papo hapo, na hilo linaweza kumpata yeyote. Mzio hauna haraka hiyo. Chembe za kinga zilizokwisha kuikariri kemikali huhitaji siku moja hadi tatu kujipanga, kwa hiyo anayeosha nywele Jumamosi anaamka Jumatatu kope zimevimba na kuwalaumu kamba aliowala Jumapili. Na mzio huu hauanzi na chupa ya kwanza. Unaweza kutumia kitu miaka mingi bila shida, ndipo mwili ukakikataa. Neno “lakini hii nimeitumia siku zote” tunalisikia kila wiki, na halimtoi mshukiwa hatiani.

Chukua mfano wa mama mmoja, ambao nimeuunganisha kutokana na wagonjwa wa aina hii. Amebadilisha shampuu mara tatu, mara ya mwisho akanunua ya watoto, na bado kope zinavimba. Tulimwomba alete chupa zote, pamoja na kondishena na jeli. Harufu zilikuwa tofauti, kampuni tofauti, bei tofauti. Nyuma, kwa maandishi madogo, tatu kati yake zilikuwa na jina lilelile: Methylisothiazolinone. Hicho ni kihifadhi, kinachozuia bakteria na ukungu visiote kwenye bidhaa zenye maji mengi. Mara nyingi huwekwa pamoja na ndugu yake, Methylchloroisothiazolinone. Kimesumbua watu wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi vinavyopakwa na kuachwa mwilini, kisha mwaka 2018 ukaweka kikomo cha asilimia 0.0015 kwenye vile vya kusuuza.

Hata hivyo, jina kuonekana kwenye chupa si ushahidi. Shampuu moja huwa na viambato ishirini au zaidi, na wengine wenye kesi ya kujibu ni manukato (huandikwa Parfum au Fragrance) na kitoa povu kiitwacho Cocamidopropyl Betaine, ambacho kimejaa hata kwenye shampuu “laini” za watoto. Ndiyo maana tulimfanyia kipimo cha kubandika.

Kipimo chenyewe hakina sindano wala damu. Jumatatu, vikombe vidogo bapa, kila kimoja na kemikali moja iliyopimwa kiwango chake, hubandikwa kwa plasta sehemu ya juu ya mgongo. Jumatano vinabanduliwa na tunasoma mara ya kwanza. Ijumaa tunasoma tena, na usomaji huu wa pili ndio wenye uzito, kwa sababu mwasho wa kawaida huwa unafifia huku mzio ukizidi kupanda. Siku zote hizo mgongo hauguswi na maji, na mgonjwa anaombwa asifanye kazi za kutoa jasho, jambo gumu kidogo Dar es Salaam mwezi Februari. Vidonge vya prednisoloni na krimu za steroidi mgongoni huweza kuficha majibu, hivyo tunaulizia mapema. Lakini usiache vidonge hivyo bila daktari wako kujua.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu ulioandikwa vitabuni hauonekani vizuri. Tunapitisha kidole kutafuta ugumu na vipele, na kumulika taa kutoka ubavuni ili kivimbe kitupe kivuli. Kwa mama yetu, Jumatano kulikuwa na dalili hafifu. Ijumaa doa la kihifadhi lilikuwa limeinuka, gumu, lina vilengelenge vidogo na linawasha. Manukato na kitoa povu havikuonyesha kitu.

Wengine huuliza kwa nini wasijibandikie shampuu yenyewe nyumbani. Itakudanganya kwa pande zote mbili. Ikifunikwa bila kuchanganywa na maji kwa siku mbili, sabuni iliyomo itachubua ngozi ya mtu yeyote, na utaambiwa una mzio ambao huna. Kliniki huizimua hadi karibu asilimia 1, lakini hapo kihifadhi kilichokuwa asilimia 0.0015 kinakuwa kidogo mara mia, na mwenye mzio wa kweli anaweza kuonekana mzima. Kemikali peke yake tunaipima kwa asilimia 0.2. Pengo hilo ndilo linalofanya kipimo kihitaji seti maalumu, ambayo si kila hospitali inayo.

Pasipo kipimo, hubaki njia ya kuondoa na kurudisha, na inahitaji subira. Simamisha kila kinachogusa nywele: shampuu, kondishena, jeli, dawa ya kupuliza, mafuta yenye harufu. Osha kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato. Sabuni ya kipande kwa kawaida haihitaji kihifadhi tulichokitaja, ingawa nywele zitakakamaa na utachukia. Subiri ngozi itulie kabisa, wiki nne hadi sita. Kisha rudisha kitu kimoja tu kwa wiki mbili kabla ya kingine. Cha kupaka na kuacha, kama jeli, kianzie ndani ya kiwiko, eneo dogo, asubuhi na jioni. Shampuu itumie kama kawaida na kuisuuza. Kikirudisha muwasho, acha, ngoja utulie, halafu kirudie mara moja kuthibitisha. Rangi za nywele usizijaribu hivi, hina nyeusi pia: mzio wake unaweza kuvimbisha uso mzima. Vilevile aliyewahi kuvimba vibaya asijijaribu peke yake.

Mama yetu alipona, kisha baada ya mwezi kope zikarudi. Hakuwa amegusa shampuu ya zamani. Tulipofuatilia, kihifadhi kilekile kilikuwa kwenye vitambaa laini vya kumfutia mtoto na kwenye sabuni ya maji ya vyombo, na vidole vinavyoshika hivyo ndivyo vinavyopikicha macho. Pia alikuwa akioshwa saluni kwa shampuu iliyomiminwa kutoka kwenye dumu lisilo na lebo. Siku hizi anakwenda na chupa yake, na jina la kihifadhi amelipiga picha kwenye simu, alilinganishe herufi kwa herufi dukani. Maandishi ya mbele kama “asilia” au “salama kwa ngozi” hayasomi. Tulimwongezea onyo moja: rangi za ukutani za maji huwa nacho pia, na hukitoa hewani kwa wiki kadhaa, kwa hiyo chumba kikipakwa upya alale kwingine na madirisha yabaki wazi.