Galari tupu, simu imejaa: mstari wa Mfumo haupimwi, hutolewa kwa hesabu

Kuna ombi ambalo limenichosha: "Fundi, picha nimefuta zote, mafaili sina, na simu bado inasema imejaa. Hii ina virusi, ifomati tu." Baada ya hapo mtu anafungua galari kunionyesha kuwa ni tupu, kama vile galari ndiyo daftari la kila kilichomo ndani ya simu. Siyo. Galari ni dirisha dogo linaloonyesha picha na video ambazo simu imeruhusiwa kuonyesha, basi. Simu ya namna hii karibu kila mara haina virusi vyovyote, na ukiifomati bila kujua kilichoijaza itakurudia ikiwa hivyohivyo. Nitazungumzia Android peke yake, kwa kuwa ndiko ninakoweza kufungua na kuona.

Nichukue simu moja ya GB 32 niliyoshughulikia. Skrini ya hifadhi ilionyesha zimetumika GB 31.6. Picha GB 0.5, video 0.6, sauti 0.1, faili 3.1, programu 13.2, na Mfumo 14.1. Mwenye simu alijumlisha picha, video na sauti, akapata GB 1.2, akauliza zile 30 nyingine zimekwenda wapi. Kwa anayeangalia vitu vyake tu, ni swali la haki kabisa. Kosa ni jibu alilojipa.

Tuanze na Mfumo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapotea, mafundi wakiwemo. Wengi wanaamini simu imeupima mfumo wake, ikakuta una GB 14.1, ikaandika. Haijaupima. Katika Android ya kawaida, skrini ya hifadhi inachukua ukubwa wa simu uliokuzwa hadi namba ya dukani, yaani 16, 32, 64, 128 na kuendelea, inaondoa nafasi iliyo wazi, halafu inaondoa kila inachoweza kukitaja kwa jina: programu, picha, video, sauti, faili. Kinachobaki bila jina kinaandikwa Mfumo. Hivyo mstari huo ni mabaki ya hesabu ya kutoa. Chochote ambacho simu imeshindwa kukipa mwenyewe huangukia hapo, na mfumo wenyewe ni sehemu tu ya namba hiyo.

Ndiyo maana nakereka nikisoma ushauri kwamba Mfumo "ukivimba" basi mfumo umeharibika. Kwanza tenganisha yale mabaki. Simu hii niliiunganisha na kompyuta na, kwa adb, zana ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta, nikaiuliza kizigeu cha data, yaani kipande cha hifadhi kilichotengwa kwa data, kina ukubwa gani. Hicho ndicho kizigeu pekee ambacho wewe na programu zako mnakitumia. Amri ya kwanza hapa chini ndiyo hiyo, na herufi H iwe kubwa ili hesabu iende kwa elfu kama skrini ya simu inavyofanya. Ya pili nitaieleza mbele kidogo.

```
adb shell df -H /data
adb shell "find /sdcard/ -name '.trashed-*'"
```

Jibu lilikuwa kizigeu cha GB 23. Maana yake GB 9 kati ya zile 32 hazijawahi kuwa zako tangu simu inatoka kiwandani. Humo mna Android yenyewe, programu za mtengenezaji, sehemu ya kuwashia simu, na nafasi iliyotengwa kwa ajili ya masasisho. Kufomati hakuzigusi. Sasa rudi kwenye 14.1, ondoa 9, zinabaki 5.1. Hizi ndizo za kuulizia: zimo ndani ya kizigeu chako, lakini skrini haijui ni za nani.

Mara nyingi zinakuwa moja ya vitu vichache. Kama simu ina mtumiaji wa pili au wasifu wa kazi, vitu vya upande ule vinaweza kuhesabiwa humo. Faili lililofutwa huku programu fulani bado imelishikilia wazi haliachi nafasi yake mpaka programu hiyo ifungwe, na hii ndiyo sababu kuizima simu na kuiwasha huweza kurudisha nafasi. Mtu wa kwanza kugundua hilo hakuwa mjinga. Kumbukumbu za hitilafu nazo hujilimbikiza polepole. Ila kwenye simu hii jibu lilikuwa la nne, na watu wengi hawalifikirii: sasisho lililokwisha kushushwa na kuandaliwa, likisubiri simu iwashwe upya. Kuanzia Android 11, simu nyingi huandaa toleo jipya pembeni huku ukiendelea kuitumia, na sehemu inayokosa nafasi kwenye eneo la mfumo huandikwa ndani ya kizigeu cha data. Huyu bwana alikuwa akibonyeza "baadaye" kila arifa ilipotokea. Nilichaji simu, nikaiwasha upya, nikaiacha imalize kuunganisha toleo jipya na la zamani. GB 3.4 zikarudi zenyewe bila mimi kufuta kitu.

Zilibaki GB 1.7 zisizo na jina. Hizo sikuzigawanya, na bila ruhusa ya mzizi, ile ya kufikia kila kitu ndani ya simu, haziwezi kugawanywa, kwa sababu Android inazuia mtu wa nje kuingia kwenye folda za ndani za kizigeu hicho. Fundi anayekutajia kilichomo humo kimoja baada ya kingine bila ruhusa hiyo anabahatisha. Kiasi kama hicho naona ni cha kawaida, nikakiacha.

Sasa programu, GB 13.2. Nitapita haraka kwenye lile la kwamba programu zenyewe ni kubwa, kila mtu analijua. Lisilojulikana ni kuwa ukifungua ukurasa wa hifadhi wa programu moja utakuta namba tatu: ukubwa wa programu, data, na akiba. Akiba ni vitu ambavyo programu imekiri kwamba vinaweza kupotea bila madhara, na Android yenyewe huzifuta akiba ikibanwa na nafasi. Kwa hiyo kubonyeza `Clear cache` kila jioni ni kazi ya bure. Programu itaijaza tena, na simu ingeiondoa ilipohitaji. Data ni kitu kingine: akaunti, mazungumzo, mipangilio, na vyote ulivyopakua ndani ya programu.

Hapa naomba usome polepole. Mwandishi wa programu ndiye anayeamua kitu gani aweke kwenye akiba na kipi kwenye data. Simu haimhakiki. Kwenye simu hii programu moja ya kutumiana ujumbe ilikuwa na GB 0.2 za programu, GB 0.3 za akiba na GB 5.6 za data. Mwenye simu alikuwa amefuta akiba mara nyingi, akaona haisaidii, ndipo akaingiwa na wazo la virusi. Zile 5.6 kwa sehemu kubwa zilikuwa video za makundi zilizojipakua zenyewe, zikihifadhiwa kwenye folda ya ndani ambayo galari haiwezi kuifikia. Dawa yake haipo kwenye mipangilio ya simu. Kule kuna kitufe cha kufuta data yote, na ukikibonyeza unaweza kupoteza mazungumzo ambayo hayajahifadhiwa popote. Ingia ndani ya programu yenyewe, tafuta ukurasa wake wa matumizi ya hifadhi, panga kwa ukubwa, futa humo. Tulifuta GB 4.8 kwa njia hiyo, na ujumbe hata mmoja haukupotea. Kisha zima upakuaji wa moja kwa moja, la sivyo video zitarudi.

Tukumbuke pia nakala. Ukituma video kwa WhatsApp, nakala ya ulichotuma hukaa kwenye folda ya `Sent` chini ya `Android/media/com.whatsapp`, na folda hiyo imewekewa faili la `.nomedia` linaloiambia galari isiitazame. Unafuta video ya asili, nakala inabaki. Mahali hapohapo kuna folda ya `Databases` yenye nakala rudufu za mazungumzo za hadi siku saba. Mwenye mazungumzo mengi anaweza kuwa na mafaili makubwa humo ambayo hajawahi kuyaona.

Mahali pengine pa kujificha ni tupio, na hapo ndipo ile amri ya pili inapoingia. Kuanzia Android 11, picha au video inayopelekwa kwenye tupio la mfumo haihami. Inabaki kwenye folda yake, inabadilishwa jina na kuanza na nukta ili isionekane. Jina lake huwa hivi: `.trashed-1718000000-VID_20240427_101500.mp4`. Ile namba ndefu ni sekunde tangu mwaka 1970, nayo inataja siku faili litakapofutwa kweli, ambayo hapa ni 10 Juni 2024. Ukirudi nyuma siku 30 unapata 11 Mei, siku lilipotupwa. Kwa hiyo mtu aliyefuta video zote leo hajapata nafasi yoyote leo. Amezificha kwa mwezi mzima. Kwenye simu yetu amri ilitoa orodha ya video zenye jumla ya GB 1.9, na skrini ilikuwa imezihesabu kwenye faili. Simu nyingine huziweka kwenye mstari wa Tupio, kutegemea mtengenezaji. Huhitaji kompyuta kuziondoa: fungua tupio la galari, futa vyote.

Hesabu ya mwisho: 3.4 za sasisho, 4.8 za programu, 1.9 za tupio. Nafasi wazi ilitoka GB 0.4 hadi 10.5, na onyo likatoweka, kwani Android hulia nafasi ikishuka chini ya asilimia 5 au MB 500, kile kilicho kidogo zaidi.

Kuhusu programu za kusafisha simu sitasema mengi. Tangu Android 6 programu ya kawaida haina ruhusa ya kufuta akiba ya programu nyingine. Inayodai kufanya hivyo hukuomba ruhusa ya ufikivu ili ibonyeze vitufe kwa niaba yako, na yenyewe inakula nafasi.

Kuna simu moja tu ambayo nakubali kuifomati: ile ambayo baada ya haya yote mabaki yake yasiyo na jina bado yanakua. Chukua namba ya Mfumo, ondoa ukubwa wa vizigeu vya kiwandani, andika jibu, itumie simu kwa wiki moja bila kuongeza programu, kisha rudia hesabu hiyo. Ikiwa imepanda kwa gigabaiti nzima na hakuna sasisho linalosubiri, kuna kitu kinaandika bila kukoma mahali tusipoweza kufika. Hapo hifadhi nakala ya vitu vyako, fomati, na urudishe programu moja moja huku ukiitazama namba.