Homa ya kupe na kigaga cheusi

Homa ya kupe ni ugonjwa unaoletwa na bakteria wa jamii ya riketsia, ambao huingia mwilini kwa mate ya kupe anaponyonya damu. Hapa Afrika Mashariki, mmoja wa wanaowabeba ni kupe wa ng'ombe, yule mwenye miguu ya mistari. Akiuma unaweza usisikie maumivu, na wengi humgundua wakati wa kuoga, kinenani, kwapani au nyuma ya goti.

Mdomo wake ni mrefu na una vijimiba vinavyoelekea nyuma, ndiyo maana hang'oki kwa kukwaruzwa na kucha. Chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike kichwani, karibu kabisa na ngozi, kisha mvute wima, polepole, bila kumsokota wala kumbana tumbo. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti: utaunguza ngozi, na yeye ataendelea kung'ang'ania. Kipande cha mdomo kikibaki na kibano kikashindwa kukitoa, kiache. Usichokonoe kwa sindano, ngozi itakisukuma nje yenyewe. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji, na usimpasue kupe kwa vidole. Halafu andika tarehe.

Uwekundu mdogo na mwasho kwa siku chache ni kawaida. Cha kuangalia ni kinachotokea baadaye.

Tuseme mtu ameogesha ng'ombe Jumamosi, na jioni akang'oa kupe nyuma ya goti. Jumamosi inayofuata anaamka na homa, kichwa kinagonga, shingo na misuli vinauma. Anapimwa malaria, hana, anarudi nyumbani na panadoli. Lakini akikunja suruali ataona kidonda kidogo chenye kigaga cheusi katikati na wekundu pembeni, na kinenani pamevimba mtoki. Kigaga hicho ndicho kitambulisho cha ugonjwa, na mara nyingi hakiumi, kwa hiyo mgonjwa hakitaji na daktari hakioni. Vipele mwilini vinaweza kuwepo au visiwepo.

Kwa hiyo, ukipata homa, vipele, mtoki au kigaga cheusi ndani ya wiki mbili baada ya kuumwa, nenda kituo cha afya, taja kupe na tarehe, na onyesha kidonda hata kama hukuulizwa. Dawa inayotumika sana ni doksisaiklini, na homa huanza kushuka ndani ya siku mbili tatu. Mjamzito aseme mapema kuwa ana mimba, achaguliwe dawa inayomfaa. Kuchanganyikiwa, shingo kukakamaa, kupumua kwa shida au vipele vya rangi ya damu visivyofifia ukivibonyeza ni vya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Papasi wa kwenye nyufa za nyumba za udongo ni habari nyingine: huuma usiku na kuondoka, humkuti mwilini. Homa yake huja, hupoa siku kadhaa, kisha hurudi. Ukilala kwenye nyumba kama hiyo, litaje nalo kwa daktari.