Tiketi Zimezidi Michanganyiko, na Bado Jakpoti Yaweza Kukosa Mshindi

Kila jakpoti ya Powerball, bahati nasibu ya Marekani, inapovimba hadi habari zake zikafika Kondele, napokea hoja ileile. Safari hii imetoka kwa kijana niliyemfundisha takwimu mwenyewe hapa Kisumu, na ndiyo maana nimeamua kuandika. Aliniambia hivi: "Mwalimu, michanganyiko ni milioni 292. Zikiuzwa tiketi milioni 600, kila mchanganyiko umenunuliwa mara mbili. Lazima watoke washindi wawili."

Hapana. Hakuna "lazima" hapo. Na hao wawili ni wastani tu. Wastani hauahidi kwamba droo ya Jumatano itatoa watu wawili, wala kwamba itatoa hata mmoja.

Tuanze na droo yenyewe. Katika Powerball unachagua namba 5 kati ya 69, kisha moja kati ya 26. Namba tano za kwanza zina michanganyiko 11,238,513. Zidisha kwa 26, unapata 292,201,338. Mpangilio huo ulianza Oktoba 2015, na miezi michache baadaye ukatupa mfano mzuri kuliko wowote ambao ningeweza kuutunga.

Tarehe 9 Januari 2016 ziliuzwa takriban tiketi milioni 440. Gawanya kwa milioni 292, unapata 1.51. Kwa hesabu ya kijana wangu, kila mchanganyiko ulikuwa umenunuliwa mara moja na nusu, kwa hiyo mshindi alikuwa hakosi. Droo ikachezwa na hakupatikana hata mmoja. Jakpoti ikasogezwa mbele, na tarehe 13 Januari ikafika dola bilioni 1.586. Tiketi zilikuwa takriban milioni 635, wastani 2.17. Washindi wakawa watatu: mmoja California, mmoja Florida, mmoja Tennessee.

Kosa la hoja ile ni kudhani kwamba wanunuzi wamepangiwa michanganyiko, mmoja huku, mwingine kule, hadi yote iishe. Mkulima wa huku kwetu akipanda mahindi hutia punje mbili kila shimo, na kweli hakuna shimo linalobaki tupu, kwa sababu anaona anakotia. Mfunge macho, mpe punje 600 azirushe juu ya mashimo 300. Wastani ni uleule, punje mbili kwa shimo, lakini mashimo mengine yatapata tano na mengine hayatapata kitu. Wanunuzi wa tiketi hawaonani. Kila mmoja anarusha punje yake akiwa amefumba macho.

Yatabaki mashimo mangapi matupu? Tiketi moja inakosa mchanganyiko ulioshinda kwa uwezekano wa 1 − 1/N, ambapo N ni idadi ya michanganyiko. Tiketi zote n zikikosa ni (1 − 1/N) iliyozidishwa yenyewe mara n, na kwa N kubwa namna hii hiyo ni sawa na e^(−n/N). Hapo ndipo mtawanyo wa Poisson unapoingia: majaribio mengi mno, kila moja na uwezekano mdogo mno. Unachohitaji ni wastani m = n/N peke yake.

```python
from math import exp, factorial
m = 635e6 / 292201338
for k in range(5):
    print(k, round(exp(-m) * m**k / factorial(k), 3))
```

Kwa droo ya tarehe 13, uwezekano wa kukosa mshindi ulikuwa asilimia 11.4. Mshindi mmoja, asilimia 24.7. Wawili, 26.9. Watatu, 19.5. Wanne, 10.6. Zilizobaki, kama asilimia 7, ni za watano na zaidi. Tazama vizuri: wawili ndio wenye uwezekano mkubwa kuliko wengine, na hata hivyo wana robo tu na kitu kidogo. Ukiweka pesa yako kwamba watakuwa wawili hasa, utapoteza karibu mara tatu katika kila nne. Kwa droo ya tarehe 9, ile iliyokosa mshindi, uwezekano wa sifuri ulikuwa asilimia 22. Hakukuwa na muujiza wala ujanja. Na kama unataka uwezekano wa sifuri ushuke chini ya asilimia moja, unahitaji m iwe 4.6, yaani tiketi zaidi ya bilioni 1.3.

Baada ya droo, n yenyewe si ngumu kuipata hata kama mauzo hayajatangazwa. Uwezekano wa tiketi ya Powerball kupata zawadi yoyote ni 1 kati ya 24.87, kwa hiyo chukua jumla ya waliopata zawadi zozote, zidisha kwa 24.87, utakuwa karibu sana. Kabla ya droo ni kukisia mauzo, na kisio hilo likikosea kwa asilimia 20, jibu lako lote linakosea nalo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi, kwa sababu hili wanalikosea hata waliosoma. Mtu akishaelewa Poisson husema: "Lakini watu hawachagui namba ovyo. Wanapenda siku za kuzaliwa, wanapenda saba, wanachora mistari kwenye karatasi. Kwa hiyo washindi watakuwa wengi kuliko hesabu yako." Sentensi mbili za kwanza ni kweli tupu. Ya mwisho si kweli.

Mfano ninaoutumia ni Lotto ya Uingereza ya tarehe 14 Januari 1995. Ulikuwa mchezo wa namba 6 kati ya 49, michanganyiko 13,983,816, na tiketi zilizouzwa zilikaribia milioni 70. Wastani ni 5. Zikatoka 7, 17, 23, 32, 38 na 42, na washindi wakawa 133. Waligawana pauni milioni 16, kila mmoja akaondoka na kama pauni 122,500. Chini ya Poisson yenye wastani wa 5, mkengeuko sanifu ni 2.2, washindi 133 wako mbali kiasi kwamba huwezi hata kuwaita bahati. Poisson ya kawaida ilikuwa imevunjika, na sababu iko kwenye karatasi ya kujazia: namba hizo zilikaa katikati ya safu, pale mkono wa mtu anayetaka kutawanya namba "vizuri" unapopenda kutua. Wakati huo hapakuwa bado na chaguo la mashine kukuchagulia, hivyo kila tiketi ilijazwa na binadamu.

Kinachosahaulika ni hiki. Tiketi zilikuwa milioni 70, si zaidi. Kama mchanganyiko mmoja umebeba 133, hizo za ziada zimetolewa kwenye michanganyiko mingine, ambayo imebaki na mbili, na moja, na sufuri. Mashine ya kuchezesha haijui ni namba zipi zinapendwa. Inauchukua mchanganyiko wowote kwa usawa. Kwa hiyo ukichukua wastani wa washindi juu ya michanganyiko yote, unarudi palepale: n/N, yaani 5. Mapenzi ya watu kwa namba fulani hayabadilishi wastani hata kidogo. Yanachobadilisha ni mtawanyiko: mara chache washindi wanafurika, na mara nyingi zaidi kuliko ulivyohesabu hakuna mshindi kabisa.

Tuone ukubwa wa jambo hili. Kwa wastani wa 5, Poisson inasema sifuri hutokea kwa asilimia 0.7, mara moja katika droo 150 hivi. Sasa chukulia kwamba umaarufu wa michanganyiko umetawanyika kwa mtawanyo wa gama wenye umbo la 1, ambao ni mtawanyiko mkali. Uwezekano wa sifuri unakuwa 1/(1 + m), yaani moja kwa sita, karibu asilimia 17. Umbo likiwa 3, yaani mtawanyiko wa wastani zaidi, unapata kama asilimia 5. Wastani katika hali zote tatu ni 5 ileile. Na kweli, katika miaka ya mwanzo ya Lotto ile, jakpoti ilisogezwa mbele mara nyingi kuliko Poisson ya kawaida ilivyotabiri.

Hapa ndipo vitabu vinapotulia na mimi situlii. Kuchagua umbo la gama ni uamuzi, si ugunduzi. Droo mia chache zinakupa makisio ya heshima kuhusu sifuri na moja na mbili, lakini kuhusu ncha, pale penye washindi 133, hazikuambii kitu cha kutegemewa. Mtu akikuletea jedwali lenye uwezekano wa washindi zaidi ya 50 hadi tarakimu ya nne, muulize umbo lile amelitoa wapi.

Kwa nini basi Powerball ya 2016 ilikubali Poisson bila ugomvi? Kwa sababu tiketi nyingi za Powerball huchaguliwa na mashine, na mashine kweli inarusha punje ikiwa imefumba macho. Nikichukulia robo tatu za mashine na robo ya watu wenye mtawanyiko mkali wa umbo la 1, sifuri ya tarehe 13 inapanda kutoka asilimia 11.4 hadi 12.7 tu. Kwa hiyo kabla ya kuitumia fomula, uliza kwanza tiketi ngapi zimejazwa kwa mkono. Na ukitaka kujua kama namba zilizotoka zilipendwa na watu, tazama zawadi za chini: waliopata namba nne au tano wakizidi mno matarajio, umati ulikuwa umekaa kwenye namba hizo.

Kijana wangu alimaliza kwa swali ambalo nalitarajia kutoka kwa yeyote mwenye mkeka mfukoni: je, tuifanye hesabu hii kwa jakpoti ya mechi 17? Mechi 17, kila moja matokeo matatu, michanganyiko 129,140,163. Mikeka milioni moja, m = 0.0077. Safi kabisa, na haina maana.

Kwenye mipira ya namba, angalau kila mchanganyiko una uwezekano sawa wa kutoka. Kwenye soka hata hilo halipo. Tuseme katika kila mechi timu inayopewa nafasi ina asilimia 50 ya kushinda. Zote 17 zikishinda ni 1 kati ya 131,072, karibu mara elfu ya ile 1 kati ya milioni 129. Na mkeka huo wa wenye nafasi ndio watu wanaoujaza. Ukijazwa na watu 500 kati ya milioni, mkeka huo mmoja peke yake unachangia 0.0038 kwenye wastani, karibu nusu ya jumla yote ya hesabu ya mwanzo. Kwa hiyo hapa, tofauti na Lotto, hata wastani wenyewe unapanda juu ya n/N, kwa sababu kinachopendwa na watu ndicho pia chenye nafasi ya kutokea. Lakini pia washindi wanakuja kwa makundi: wenye nafasi wakishinda wote, wanajitokeza mia tano kwa pamoja; timu ndogo tatu zikishinda ugenini, hakuna hata mmoja.

Ili kukisia washindi wa jakpoti ya namna hiyo unahitaji uwezekano wa kila mechi, ambao unaweza kuukadiria kutoka kwenye odi, na idadi ya mikeka iliyojazwa kwa kila mseto. Ya pili imo kwenye kompyuta za wachezeshaji peke yao.