Mashine ya miaka 3 au ya miaka 6? Dhana potofu kuhusu thamani halisi ya sasa

Tuchukue mfanyabiashara wa barafu karibu na soko la samaki la Mji wa Kale, Mombasa. Wateja wake ni wavuvi wanaojaza barafu kabla ya kutoka baharini, pamoja na wachuuzi wanaopeleka samaki Kongowea na Bamburi. Nafasi aliyo nayo inatosha mashine moja tu. Anaweza kununua iliyotumika kwa shilingi 600,000, itakayodumu miaka 3 na kumwachia shilingi 330,000 kwa mwaka baada ya kulipa stima, maji, vibarua na matengenezo. Au anunue mpya kwa shilingi 1,300,000, itakayodumu miaka 6 na kumwachia 390,000 kwa mwaka, kwa kuwa inakula stima kidogo. Pesa hizo akiziweka kwingine zingemletea asilimia 14 kwa mwaka, kwa hiyo hicho ndicho kiwango chake cha punguzo, yaani asilimia inayotumika kushusha pesa za miaka ijayo hadi thamani yake ya leo. Jumla ya thamani hizo za leo, ukitoa bei ya mashine, ndiyo thamani halisi ya sasa.

Mfano ni wangu, na nimeurahisisha: mapato yanahesabiwa mwishoni mwa kila mwaka, na mashine ikifika mwisho haina thamani tena. Hiyo 330,000 ni wastani wa mwaka mzima. Msimu wa kusi bahari huchafuka, mashua nyingi hubaki ufukweni na barafu hukosa wanunuzi. Kaskazi ikiingia mambo hubadilika. Anayepiga hesabu kwa mauzo ya Januari pekee ataishia na tarakimu nzuri zisizo za kweli.

Dhana: Mradi wenye thamani halisi ya sasa kubwa zaidi ndio bora, basi.

Ukweli: Kauli hiyo inasimama pale miradi inapokuwa na umri sawa, au pale ambapo ukimaliza mmoja huna nia wala nafasi ya kuurudia. Na kama miradi miwili haizuiani, hakuna haja ya kuishindanisha: kila wenye thamani halisi juu ya sifuri unafaa. Kwa mwenye nafasi ya mashine moja, mambo ni mengine.

Tuanze na mashine iliyotumika. Shilingi 330,000 ya mwisho wa mwaka wa 1 ukiipunguza kwa asilimia 14 ina thamani ya 289,474 leo. Ya mwaka wa 2 ni 253,924, na ya mwaka wa 3 ni 222,741. Jumla ni 766,139. Toa bei ya 600,000, unabaki na thamani halisi ya sasa ya shilingi 166,139. Ukifanya vivyo hivyo kwa ile mpya kwa miaka yote 6, unapata 216,580.

Mpya inaongoza kwa shilingi 50,441, na wengi hufunga daftari hapo. Lakini tazama kinacholinganishwa: miaka 6 ya kazi upande mmoja, miaka 3 upande wa pili. Hesabu imefanya kana kwamba mwenye mashine iliyotumika, miaka 3 ikiisha, atafunga duka aende nyumbani. Wavuvi bado watakuja kutaka barafu, naye atanunua mashine nyingine ya aina ile ile.

Basi tumpe mzunguko wa pili. Mwishoni mwa mwaka wa 3 anaanza upya, na mzunguko huo nao una thamani ya 166,139, ila ni thamani ya wakati huo. Ikirudishwa hadi leo ni 112,139. Mizunguko miwili kwa pamoja inakuwa 278,278, dhidi ya 216,580 za mashine mpya. Mshindi amebadilika, na hatukugusa bei wala mapato, tumesawazisha muda tu.

Kurudia mizunguko ni rahisi kwa 3 na 6. Kwa miaka 5 na 7 ungelazimika kufika mwaka wa 35 ndipo miradi imalizike pamoja. Hapo ndipo inapofaa thamani sawa ya kila mwaka: unaichukua thamani halisi ya sasa na kuitandaza iwe kiasi kile kile kila mwaka wa uhai wa mradi, kwa kiwango kile kile cha punguzo. Kwenye jedwali la kompyuta kama Excel, bei ya mashine ikiwa kwenye kisanduku B1 kama namba hasi na mapato ya miaka 3 kuanzia B2 hadi B4:

```
=B1+NPV(14%,B2:B4)
=PMT(14%,3,-166139)
```

Mstari wa kwanza unatoa 166,139 na wa pili unatoa 71,561. Angalia kwamba B1 imekaa nje ya mabano. Ukiiingiza ndani, kompyuta itaichukulia bei unayolipa leo kama malipo ya mwakani, na jibu litashuka hadi 145,736. Kwa mashine mpya, thamani sawa ya kila mwaka ni 55,695.

Dhana: Si lazima fomula. Gawanya thamani halisi ya sasa kwa idadi ya miaka.

Ukweli: Kugawanya hivyo kunauonea mradi mrefu. Shilingi za mwaka wa 6 zimeshapunguzwa sana ndani ya thamani halisi, kisha unazigawanya tena kana kwamba kila mwaka una uzito sawa. Badala ya kugawanya kwa 3 na 6, kigawanyo sahihi kwa asilimia 14 ni 2.3216 kwa miaka 3 na 3.8887 kwa miaka 6. Ni jumla ya thamani ya leo ya shilingi moja inayopokelewa kila mwaka.

Katika mfano wetu njia zote mbili zinamchagua mshindi yule yule, ndiyo maana kosa hili hujificha kwa urahisi. Ila tuseme muuzaji wa mashine mpya amepunguza bei hadi thamani halisi yake ifike 300,000. Kwa kugawanya tu, mpya inapata 50,000 kwa mwaka na iliyotumika inapata 55,380, kwa hiyo iliyotumika inaonekana bora. Kwa hesabu sahihi, mpya inapata 77,147 na iliyotumika 71,561. Kipimo cha mizunguko kinakubali: 300,000 ni zaidi ya 278,278.

Dhana: Shilingi 71,561 ndiyo faida atakayoiona mkononi kila mwaka.

Ukweli: Mkononi ataona 330,000. Ili kuelewa 71,561 inatoka wapi, gawanya bei ya 600,000 kwa 2.3216. Unapata kama 258,439, nayo ndiyo gharama ya mwaka ya kuwa na mashine hiyo: inarudisha pesa iliyotumika kuinunua na kuilipa asilimia 14 yake. Kinachobaki juu ya hapo ndicho 71,561.

Kwangu mimi huu ndio usomaji wenye faida kuliko yote, kwa sababu unaonyesha kwa nini mashine mpya imeshindwa. Gharama yake ya mwaka kwa hesabu hiyo hiyo ni 334,305. Inamletea mwenyewe shilingi 60,000 zaidi kila mwaka, lakini kuwa nayo kunamgharimu 75,866 zaidi. Hayo unaweza kumweleza mtu pale dukani bila fomula hata moja, na ataona wapi pa kubishana na muuzaji: stima inayookolewa haitoshi kubeba bei.

Dhana: Ukishapata thamani sawa ya kila mwaka, mjadala umekwisha.

Ukweli: Jibu hilo limebeba dhana kwamba miaka 3 ikiisha utapata mashine nyingine kwa bei ile ile, na itazalisha kiasi kile kile. Mashine nyingi za namna hii huja kutoka nje kupitia bandarini, na bei yake hufuata dola. Kwa hiyo jiulize: bei ipande kiasi gani ndipo uamuzi ugeuke? Ili mizunguko miwili ilingane na 216,580, mzunguko wa pili unahitaji kuwa na thamani ya 74,731 mwaka utakapoanza. Hiyo inaruhusu bei kupanda kwa 91,408 tu, yaani hadi kama 691,000. Ni ongezeko la asilimia 15 kwa miaka 3, chini kidogo ya asilimia 5 kwa mwaka. Ikizidi hapo na mapato yakabaki yale yale, mashine mpya ndiyo bora.

Kiwango cha punguzo nacho kinaweza kugeuza jibu. Kwa asilimia 10 badala ya 14, iliyotumika inapata 88,731 kwa mwaka na mpya 91,510. Mwenye pesa za bei nafuu anafaidi zaidi mradi mrefu, kwa hiyo majirani wawili wanaweza kuchagua mashine tofauti na wote wakawa sahihi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi, hata hivyo, ni umri wenyewe. Miaka 6 huandikwa na muuzaji, lakini upepo wa chumvi ndio unaoamua. Karibu na maji, mapezi ya kondensa huliwa na kutu, mashine inashindwa kutoa joto nje, kompresa inafanya kazi muda mrefu zaidi kwa barafu ile ile na bili ya stima inapanda kabla mashine haijafa. Mashine mpya ikidumu miaka 5 tu, thamani yake ya kila mwaka inaanguka kutoka 55,695 hadi 11,331. Iliyotumika ikifia mwaka wa 2 ni mbaya zaidi: hasara ya 34,374 kwa kila mwaka. Mwaka mmoja tu umeondoka. Kabla ya kubishania asilimia ya punguzo, nenda kwa mwenye mashine kama hiyo kando ya bahari, umwulize ameitumia miaka mingapi na kompresa ameibadilisha lini.

Dhana: Miradi ikiwa na umri tofauti, lazima utumie thamani sawa ya kila mwaka.

Ukweli: Lazima pale tu utakapoweza kurudia. Tuseme mwenye nyumba amempa mfanyabiashara wetu mkataba wa miaka 3 na kasema wazi hataongeza. Hapo hakuna mzunguko wa pili kwa mashine iliyotumika, na mpya haitamaliza miaka yake 6 mahali hapo. Umri unaohusika kwa zote mbili ni miaka 3, na swali linabaki moja: mashine mpya itauzwa kwa bei gani siku ya kuhama?

Kwa miaka 3, mapato ya mashine mpya yana thamani ya 905,436 leo. Yamepungukiwa na bei kwa 394,564. Ili ilingane na ile iliyotumika, lazima mwishoni mwa mwaka wa 3 iuzwe kwa kama shilingi 831,000, karibu asilimia 64 ya bei ya dukani. Ili irudishe pesa tu bila ziada yoyote juu ya ile asilimia 14, iuzwe kwa kama 585,000. Tarakimu hizo mbili ndizo za kwenda nazo kwa mafundi wanaonunua mashine kuukuu, uwaulize wangelipa ngapi kwa iliyokaa miaka 3 kwenye hewa ya chumvi.